Mkunjo wa riba na soko la hisa: usitazame pengo peke yake, tazama upande uliosogea

Watu wengi wanaonunua hisa za Marekani kupitia simu wameshasikia kwamba riba ya hatifungani ya miaka 2 ikizidi ya miaka 10, mdororo unakuja na hisa zitaanguka. Wanafungua chati ya pengo, yaani riba ya miaka 10 ukitoa ya miaka 2, wanaona mstari uko chini ya sifuri, wanauza. Pengo hilo lilipopinduka mwanzoni mwa Julai 2022, S&P 500 ilikuwa karibu 3,830. Liliporudi juu ya sifuri mwanzoni mwa Septemba 2024, fahirisi ilikuwa imepita 5,400. Aliyeuza kwa sababu ya kupinduka kule alikaa nje ya soko kwa muda wote huo.

Chati haikuwa na kosa. Tatizo ni kwamba pengo linatoka kwenye pande mbili za mkunjo wa riba, yaani mstari wa riba kutoka muda mfupi hadi mrefu: upande mfupi ni miaka 2, upande mrefu ni miaka 10, na namba moja ya tofauti haikuambii upande upi umesogea. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuijenga chati mwenyewe kwa Excel au Google Sheets, kisha jinsi ya kuusoma upande uliosogea. Nimechukua hatifungani za Marekani kwa sababu takwimu zake ni za bure, ni za kila siku na zinarudi nyuma miongo mingi. Nairobi nimeiweka mwishoni, maana huko kuna jambo la kodi linalowapotosha watu.

Hatua ya 1: Chukua takwimu sahihi

Tumia FRED, hifadhi ya takwimu ya tawi la St. Louis la Benki Kuu ya Marekani. Usihangaike na tovuti za kulipia kwa kazi hii. Unahitaji mifululizo miwili tu kuanzia: `DGS2` ni riba ya miaka 2 na `DGS10` ni riba ya miaka 10. Njia ya haraka ni kubandika anwani hii kwenye kivinjari, nayo itakushushia faili la CSV lenye safu zote mbili:

```
https://fred.stlouisfed.org/graph/fredgraph.csv?id=DGS2,DGS10&cosd=2005-01-01
```

Sehemu ya `cosd` ni tarehe ya kuanzia, ibadilishe upendavyo. `DGS2` inaanza Juni 1976, kwa hiyo pengo la miaka 2 na 10 haliwezi kurudi nyuma zaidi ya hapo.

FRED pia ina mfululizo uliokwisha kukokotolewa, `T10Y2Y`. Ni mzuri kwa kuangalia haraka, lakini kwa kazi hii usiutumie, kwa sababu ukishachukua tofauti peke yake umezitupa pande mbili tunazozitafuta.

Wengine hupenda kulinganisha miaka 10 na miezi 3 badala ya miaka 2. Hakuna ubaya, ila chukua `DGS3MO`, usichukue `TB3MS`. Hii ya pili inatolewa kwa hesabu ya punguzo: riba inapigwa juu ya thamani ya mwisho ya dhamana badala ya bei uliyolipa, na mwaka unahesabiwa kuwa na siku 360. Dhamana ya siku 91 yenye punguzo la asilimia 5.20 inauzwa kwa takriban 98.69 kwa kila 100, na ukipiga hesabu ya kawaida ya siku 365 juu ya bei hiyo unapata karibu asilimia 5.34. Tofauti ni pointi 0.14. Pengo linapokuwa karibu na sifuri, pointi 0.14 zinatosha kukuonyesha mkunjo uliopinduka kama ambao haujapinduka, na utakuwa unabishana na chati za watu wengine bila kujua sababu. (Hapa na huko mbele, pointi 1 ni asilimia moja kamili ya riba: kutoka 4 hadi 5 ni pointi 1.)

Mimi nabaki na miaka 2 na 10. Riba ya miezi 3 inafuata karibu kabisa kile ambacho Benki Kuu imeshakifanya. Riba ya miaka 2 inabeba kile ambacho soko linadhani Benki Kuu itakifanya, na kwa kutazama hisa hilo ndilo lenye faida.

Hatua ya 2: Ondoa siku tupu kabla ya kitu kingine chochote

Siku za sikukuu faili lina tarehe lakini halina namba. Excel ikikuta kisanduku kitupu kwenye `=C2-B2` haikulalamikii. Inachukua utupu kuwa sifuri na kukupa jibu la sifuri. Matokeo yake chati ya pengo inakuwa na miiba midogo inayogusa mstari wa sifuri mara kadhaa kila mwaka, na ukiwa na fomula inayotafuta siku pengo lilipovuka sifuri, utapata mavuko mengi ambayo hayakuwahi kutokea.

Weka kichujio, chagua visanduku vitupu kwenye safu B, futa mistari hiyo yote. Usijaze kwa namba ya jana, kwa sababu hatua ya 5 inahesabu kwa idadi ya mistari na kila mstari uwe siku halisi ya biashara. Faili za zamani za FRED zilikuwa na nukta `.` mahali pa utupu, kwa hiyo kama una faili la zamani chuja hiyo pia.

Hatua ya 3: Leta S&P 500 kwenye jedwali hilohilo

FRED wana mfululizo wa `SP500` lakini unakwenda nyuma miaka 10 tu. Kwa historia ndefu tafuta alama `^SPX` kwenye Stooq au `^GSPC` kwenye Yahoo Finance. Iweke kwenye ukurasa uitwao Hisa, tarehe kwenye safu A na bei ya kufunga kwenye safu B, tarehe zikiwa zimepangwa kutoka ya zamani kwenda ya karibuni.

Soko la hatifungani na soko la hisa hazifungi siku zilezile. Siku ya Columbus mwezi Oktoba na Siku ya Maveterani Novemba 11, hatifungani hufungwa na hisa zinauzwa. Kwa hiyo tarehe za hatifungani ziwe ndiyo msingi, na bei ya hisa uivute kwenye safu H kwa kutafuta tarehe iliyo sawa au ya karibu zaidi kabla yake:

```
=VLOOKUP(A2,Hisa!A:B,2,TRUE)
```

Ukiweka FALSE badala ya TRUE utapata `#N/A` katikati ya jedwali. Ukiweka TRUE na tarehe hazijapangwa, utapata namba zisizo na maana bila onyo lolote, kwa hiyo hakiki tarehe mbili tatu unazozijua. Oktoba 9, 2007 S&P 500 ilifunga 1,565.15. Machi 9, 2009 ilifunga 676.53. Kama jedwali lako linasema hivyo, endelea.

Hatua ya 4: Chora

Chati mbili, moja juu ya nyingine, zenye mhimili mmoja wa tarehe. Juu weka S&P 500 kwa kipimo cha logi. Chini weka mistari miwili ya riba, ya miaka 2 na ya miaka 10, kila mmoja kwa rangi yake. Pengo litaonekana lenyewe kama nafasi kati ya mistari hiyo.

Usichore pengo na hisa kwenye chati moja yenye mihimili miwili ya kushoto na kulia. Chati hizo zinasambaa sana, lakini mchoraji anaweza kusogeza mhimili mmoja mpaka mistari ipatane, na ukishaona imepatana ni vigumu kuacha kuamini.

Ukitaka pia kuona umbo zima la mkunjo kwa siku moja, tumia chati ya nukta (Scatter) na uweke miaka halisi kwenye mhimili wa chini: 0.25, 2, 5, 10, 30. Chati ya kawaida ya mstari huweka nafasi sawa kati ya miezi 3 na miaka 2 kama ilivyoweka kati ya miaka 10 na 30, na umbo linadanganya.

Hatua ya 5: Tafuta upande uliosogea

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo saa nyingi hupotea.

Riba ya upande mfupi na ya upande mrefu zinasukumwa na mambo tofauti. Miaka 2 inasikiliza Benki Kuu: soko likiamini kwamba riba kuu itashushwa, miaka 2 inashuka leo, kabla ya kikao. Miaka 10 inasikiliza mambo mengi zaidi: mfumuko wa bei wa muda mrefu, ukuaji wa uchumi, wingi wa hatifungani ambazo serikali inauza, na fidia ambayo mkopeshaji anadai kwa kufungia pesa yake miaka yote hiyo. Kwa hiyo pengo linaweza kusogea kwa njia nne, na kila njia ina habari yake kwa mwenye hisa.

Ya kwanza, pengo linafunga kwa sababu upande mfupi umepanda. Benki Kuu inakaza, uchumi kwa kawaida bado una nguvu, na hisa mara nyingi bado zinapanda. Hali hii ndiyo huleta kupinduka, na ndiyo maana kupinduka peke yake ni ishara mbovu ya kuuza: inakuja mapema mno.

Ya pili, pengo linafunga kwa sababu upande mrefu umeshuka. Wawekezaji wananunua hatifungani ndefu, ama kwa hofu ama kwa kuamini mfumuko wa bei umekwisha. Peke yake haisemi mengi.

Ya tatu, pengo linafunguka kwa sababu upande mfupi umeshuka. Soko linaona Benki Kuu italazimika kupunguza riba, na haraka. Hii ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Vichwa vya habari wakati huo husema mkunjo umerudi kuwa wa kawaida, na msomaji anapumua, ilhali hapo ndipo hatari huanza.

Ya nne, pengo linafunguka kwa sababu upande mrefu umepanda. Benki Kuu imetulia lakini wakopeshaji wa muda mrefu wanadai zaidi. Hapa hisa huumia kwa njia nyingine: faida za kampuni hazijashuka, ila thamani ya leo ya faida za miaka ijayo inapungua kwa sababu riba inayotumika kuzigeuza kuwa thamani ya leo imepanda. Hisa za kampuni ambazo faida yao kubwa iko mbali huumia kwanza.

Sasa fomula. Safu A ni tarehe, B ni miaka 2, C ni miaka 10. Tunapima mabadiliko ya siku 63 za biashara, ambazo ni karibu miezi mitatu. Mstari wa kwanza wa takwimu ni wa 2, kwa hiyo hesabu inaanzia mstari wa 65:

```
D65: =B65-B2
E65: =C65-C2
F65: =E65-D65
G65: =IF(ABS(F65)<0.2,"tulivu",IF(F65>0,
     IF(ABS(D65)>ABS(E65),"mfupi umeshuka","mrefu umepanda"),
     IF(ABS(D65)>ABS(E65),"mfupi umepanda","mrefu umeshuka")))
```

Buruta chini mpaka mwisho. Unaweza kushangaa kwamba fomula haiulizi kama D ni chanya au hasi. Haihitaji. Kama pengo limefunguka na upande mfupi ndio uliosogea zaidi, lazima umeshuka, kwa maana ungepanda pengo lingefunga. Hesabu yenyewe inalazimisha alama, na hali nyingine tatu ni vivyo hivyo.

Kuna mambo yanayoharibu hatua hii.

Urefu wa dirisha ni la kwanza. Siku 5 au 10 ni kelele tupu, maana tangazo moja la ajira linageuza lebo. Siku 250 zinachelewa mno. Siku 63 zinatosha kumeza vikao viwili vya Benki Kuu. Ukibadilisha, badilisha kabla ya kutazama matokeo, usije ukachagua dirisha linalokubaliana na unachotaka.

Kizingiti cha 0.2 ni la pili. Bila kizingiti, pengo likisogea pointi 0.03 fomula itatoa lebo kwa kujiamini kama ile ya mwaka 2007 tutakayoiona kwenye mifano. Kama unapima miaka ya riba za chini sana, kama 2012 hadi 2015, upande mfupi ulikuwa umebanwa karibu na sifuri na haukuwa na nafasi kubwa ya kushuka. Lebo ya "mfupi umeshuka" ni vigumu kutokea katika mazingira hayo hata kama uchumi unaharibika, kwa hiyo kukosekana kwake kusikupe faraja.

La tatu ni pande zote mbili kusogea kuelekea mahali pamoja. Kama D ni 0.84 na E ni 1.16, lebo itasema "mrefu umepanda", na ni kweli, lakini tofauti kati yake na hali ambapo D ni 0.26 na E ni 1.01 ni kubwa. Katika ya kwanza mkunjo mzima umepanda, kwa kawaida kwa sababu soko linaona uchumi una nguvu kuliko lilivyodhani. Katika ya pili ni wakopeshaji wa muda mrefu peke yao wanaolalamika. Ndiyo maana D na E hazifutwi baada ya lebo kutoka. Zisome kila mara.

La nne ni kusoma lebo kila siku. Soma siku ya mwisho ya biashara ya mwezi, basi. Riba za Hazina ya Marekani huchukuliwa karibu saa 9:30 alasiri ya New York, nusu saa kabla hisa hazijafunga. Kwa saa za Nairobi na Dar es Salaam ni saa 4:30 usiku wakati wa kiangazi cha kwao na saa 5:30 usiku wakati wa baridi. Siku ambayo Benki Kuu inatoa uamuzi, nusu saa hiyo ya mwisho inaweza kugeuza soko la hisa, na jedwali lako litaonyesha riba na hisa kana kwamba hazisikilizani. Ukisoma mwisho wa mwezi, jambo hilo kwa kawaida halikugusi.

Mifano mitatu kwa namba

Anza na 2007, ukitumia wastani wa mwezi ili kelele zipungue. Juni 2007 miaka 2 ilikuwa 4.98 na miaka 10 ilikuwa 5.10, pengo 0.12. Septemba 2007 miaka 2 ilikuwa 4.01 na miaka 10 ilikuwa 4.52, pengo 0.51. Kwa hiyo D ni -0.97, E ni -0.58, F ni 0.39. Lebo: mfupi umeshuka. Benki Kuu ilikuwa imepunguza riba Septemba 18, kutoka 5.25 hadi 4.75, na hisa zilishangilia. Kilele cha 1,565.15 kilikuja Oktoba 9, baada ya lebo kutoka. Januari 2008 miaka 2 ilikuwa imeshuka hadi 2.48 na pengo limefika 1.26. Mdororo wenyewe ulihesabiwa baadaye kuwa ulianza Desemba 2007.

Linganisha na aliyefuata kupinduka. Pengo lilipinduka kwa mara ya kwanza mwishoni mwa Desemba 2005, S&P 500 ikiwa karibu 1,250. Kutoka hapo mpaka kilele ni kupanda kwa karibu asilimia 25.

Mfano wa pili ni 2023. Julai 31 miaka 2 ilikuwa 4.88 na miaka 10 ilikuwa 3.97. Oktoba 19 miaka 2 ilikuwa 5.14 na miaka 10 ilikuwa 4.98. D ni 0.26, E ni 1.01, F ni 0.75. Lebo: mrefu umepanda. S&P 500 ilikuwa 4,588.96 mwishoni mwa Julai na ilifika 4,117.37 Oktoba 27, kushuka kwa asilimia 10 hivi. Pengo lilikuwa bado hasi muda wote huo, kwa hiyo mwenye kutazama mstari wa sifuri tu hakuona badiliko lolote.

Lebo ya namna hii ikitokea, fungua pia `DFII10`, riba ya miaka 10 baada ya kutoa mfumuko wa bei unaotarajiwa. Katika kipindi hicho ilipanda kutoka karibu 1.6 hadi karibu 2.5. Yaani karibu kupanda kote kulikuwa kwa riba halisi, si kwa hofu ya mfumuko wa bei. Riba halisi ndiyo inayokandamiza bei za hisa. Kama kupanda kungetoka kwenye mfumuko wa bei, mapato ya kampuni nayo yangepanda kwa jina na hisa zingekuwa na kinga kidogo.

Mfano wa tatu ni wa kukuzuia usiizidishie lebo imani. Katikati ya Septemba 2024 miaka 10 ilikuwa karibu 3.63 na miaka 2 karibu 3.56. Katikati ya Januari 2025 zilikuwa karibu 4.79 na 4.40. Benki Kuu ilikuwa inapunguza riba na miaka 10 ikapanda zaidi ya pointi moja. Ukipima kati ya tarehe hizo mbili, lebo ni mrefu umepanda, lakini hisa zilikuwa juu kidogo kuliko zilipoanza. Namba za D na E ndizo zile za 0.84 na 1.16 nilizozitaja juu: mkunjo mzima ulipanda.

Hatua ya 6: Uliza soko la mikopo

Lebo ya "mfupi umeshuka" ina maana mbili zinazopingana. Benki Kuu inaweza kupunguza riba kwa sababu mfumuko wa bei umetulia, nayo ni habari njema kwa hisa. Mwaka 1995 ilipunguza na hisa zikaendelea kupanda. Inaweza pia kupunguza kwa sababu kuna kitu kinavunjika. Mkunjo wenyewe hauwezi kukuambia ni ipi.

Anayeweza kukuambia ni anayezikopesha kampuni. Shusha `BAA10Y`, tofauti kati ya riba ya hatifungani za kampuni zenye daraja la Baa na riba ya serikali ya miaka 10. Kampuni zikianza kuonekana hatari, tofauti hii inapanuka. Juni 2007 ilikuwa karibu 1.6, Septemba karibu 2.1, Januari 2008 karibu 2.8. Yaani lebo ilipotoka, wakopeshaji nao walikuwa wameanza kurudi nyuma. Kati ya Julai na Oktoba 2023 ilikaa karibu 1.8 bila kusogea, na kushuka kwa hisa kukaishia kwenye asilimia 10.

Kanuni ninayoitumia: lebo ya mfupi umeshuka, pamoja na `BAA10Y` iliyopanuka kwa pointi 0.3 au zaidi katika siku 63 zilezile. Vyote viwili vikiwapo mwisho wa mwezi, fedha mpya haziingii kwenye hisa, zinakwenda kwenye dhamana fupi za serikali. Hisa zilizopo siziuzi kwa sababu ya mkunjo peke yake. Lebo ikiwapo na mikopo imetulia, naendelea kununua kama kawaida.

Hata mchanganyiko huu umewahi kukosea. Mwaka 1998, baada ya Urusi kushindwa kulipa deni lake na mfuko wa LTCM kuyumba, upande mfupi ulishuka na mikopo ikapanuka. S&P 500 ilikuwa imeshuka asilimia 19 kati ya Julai 17 na Agosti 31. Benki Kuu ilipunguza riba mara tatu, na kabla ya Novemba kwisha fahirisi ilikuwa imeweka rekodi mpya. Aliyezuia fedha zake Septemba alizizuia karibu kabisa na bei ya chini. Tangu 1976 mizunguko kamili ya mkunjo huu inahesabika kwa vidole, kwa hiyo usimwamini yeyote anayekupa asilimia ya uhakika.

Hatua ya 7: Kama hisa zako ziko Nairobi

Unaweza kuchora mkunjo wa Kenya kwa kutumia dhamana za Hazina za siku 91, 182 na 364 na hatifungani za muda mrefu zinazouzwa na Benki Kuu ya Kenya. Kosa linalojirudia ni kuchanganya hatifungani za kawaida na zile za miundombinu kwenye mstari mmoja. Za miundombinu hazikatwi kodi. Za kawaida hukatwa kodi ya zuio: asilimia 15 zikiwa chini ya miaka 10, asilimia 10 zikiwa za miaka 10 na zaidi. Ukizichanganya, mkunjo unapata mabonde ambayo hayahusiani na uchumi.

Zigeuze zote ziwe za kabla ya kodi. Hatifungani ya miundombinu ya Februari 2024, `IFB1/2024/8.5`, ilikuwa na kuponi ya asilimia 18.4607. Kwa kuwa ni ya miaka 8.5, gawanya kwa 0.85, unapata takriban 21.7. Hiyo ndiyo namba ya kuweka kando ya hatifungani ya kawaida ya muda kama huo. Aliyeweka 18.46 kama ilivyo aliona mkunjo ulio chini zaidi ya pointi 3 mahali hapo.

Kwa hatifungani ambazo haziuzwi kila siku, tumia riba za minada badala ya bei za soko la upili. Bei ya soko la upili inaweza kuwa ya muamala mmoja mdogo wa wiki iliyopita, na ukiiweka kwenye fomula ya siku 63 itakupa lebo ya mtu mmoja aliyekuwa na haraka ya kuuza. Minada ya dhamana fupi ni ya kila wiki, kwa hiyo dirisha la siku 63 liwe wiki 13, na kizingiti kiwe kikubwa zaidi. Mimi naanzia pointi 1, kwa sababu riba zenyewe ziko juu na huruka zaidi.

Halafu weka `DFII10` ya Marekani kwenye jedwali hilohilo. Hisa kubwa za Nairobi, Safaricom hasa, zina wamiliki wengi wa kigeni, na riba halisi ya dola ikipanda wao huuza hata kama mkunjo wa Kenya haujasogea.